Tulisema hatudaiani, sasa moyo wangu unadai

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 33, ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, Magomeni. Niliachika, nina mtoto wa kiume yuko darasa la pili. Jina langu naomba usilitoe, mji wetu mdogo na wateja wangu wanasoma.

Msimu wa korosho wa mwaka jana alikuja kaka mmoja wa Dar kupunguza suruali. Anasimamia upakiaji wa mzigo wa mnunuzi mmoja, kwa hiyo kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kwanza yuko hapa, kutwa maghalani na bandarini, miezi mingine anarudi kwao. Tukazoeana, tukawa tunalala pamoja. Mwanzoni aliniambia kwa upole tu, "Mimi sina nafasi ya mambo mazito, tufurahi, tusidaiane." Nilikubali kwa moyo mmoja. Nilitoka kwenye ndoa iliyonichosha, na mimi sikutaka mwanaume wa kuniuliza nimetoka wapi.

Msimu huu mambo yamegeuka, kwangu mimi. Nikisikia pikipiki inapunguza mwendo nje naacha kushona. Asipopiga simu siku nzima nakosea hata vipimo vya watu. Na yeye ananichanganya. Mwezi wa sita, korosho hakuna, alikuja siku mbili akisema ana shughuli ya kazi, na zote mbili alishinda kwangu. Mwanangu alipougua malaria alikaa naye hospitali mpaka usiku ili mimi nilale. Mama yangu humletea sukari na vitenge huyu kaka mwenyewe kila akija. Lakini akiondoka anakusanya kila kitu chake, mpaka mswaki. Akiwa Dar anaweza kunyamaza wiki mbili tatu, halafu anaibuka na "umeamkaje mpenzi" kana kwamba tuliongea jana. Ndugu yake simjui hata mmoja.

Kinga tuliacha bila kuongea, ilitokea tu. Mimi nachoma sindano ya uzazi wa mpango.

Rafiki yangu mmoja ananiambia niache sindano, mtoto atamtuliza. Mwingine anasema nimtie wivu, maana kuna mwalimu ananifuata. Wa tatu anasema ninyamaze, tukifikisha miaka miwili sheria itamhesabu mume wangu. Na mjomba ameshaanza kuuliza, "Huyu mgeni wa sukari ni nani?" Kuhusu dini najua inasemaje, naomba usinikumbushe, nalia nalo mwenyewe.

Mzigo wa mwisho unapakiwa mwezi wa kwanza, kisha anaondoka. Nikisema, naogopa nitakuwa nimevunja makubaliano na nitamkosa hata kwa hiki kidogo. Nikijitoa kimya, nitajiuliza maisha yangu yote. Niseme au niondoke?

Fundi, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu. Dini nimeiacha mikononi mwako kama ulivyoomba.

Kilichonisimamisha kwenye barua yako ni hiyo hofu ya kuvunja makubaliano. Hebu tuyaangalie vizuri hayo makubaliano. Mlikubaliana kutodaiana. Hayo ni makubaliano juu ya mnachotendeana, kwamba hakuna atakayemshika mwenzake shati akimuuliza ulikuwa wapi. Hakuna aliyeahidi kutopenda, na hata angeahidi, ahadi hiyo haiko kwenye uwezo wa binadamu. Kumwambia mtu "mimi nimeshakupenda" si kumdai. Kumdai ni kumwambia "kwa sababu nimekupenda, sasa lazima unioe." Kati ya sentensi hizo mbili pana nafasi kubwa sana, na wewe naona umeziunganisha, ndiyo maana mdomo umekuwa mzito.

Halafu, mwanangu, wewe ni fundi, hili utanielewa haraka. Mnavaa nguo iliyokatwa kwa vipimo vya mwaka jana. Siku ile wewe ulikuwa umetoka kwenye ndoa unatafuta pumzi, yeye alikuwa mgeni anayetafuta faraja ya msimu. Leo huyo mgeni amekaa na mwanao wodini mpaka usiku. Mama yako anajua sukari inatoka kwa nani. Kinga imewekwa pembeni. Makubaliano mliyaacha nyuma nyote wawili zamani, ila hakuna aliyethubutu kulisema. Kwa hiyo ukimya unaodhani unalinda kile cha mwanzo, sioni kama una kitu cha kulinda tena.

Sasa hizo dalili zake. Umenipangia za kukupa moyo upande mmoja na za kukuvunja upande mwingine, na nadhani usiku ukilala unazihesabu. Mimi ningezipanga kwa namna nyingine. Ningetenga zile zinazoonyesha yeye ni mtu wa aina gani, na zile zinazoonyesha anakusudia nini na wewe. Kukaa na mtoto mgonjwa, kumbebea mama sukari, hizo zinanieleza kwamba ni muungwana. Wapo wanaume waungwana wengi ambao wangefanya hivyo hivyo kwa mwanamke wasiyekuwa na nia ya kuishi naye, tena bila hila yoyote. Wema wake ni wa kweli na una haki ya kuufurahia, ila haujibu swali lako.

Nia inaonekana zaidi pale mtu anapotoa kitu ambacho mazingira hayakumlazimisha. Hapo ile safari ya mwezi wa sita ina uzito kidogo, maana msimu haukuwepo. Nasema kidogo kwa sababu alisema ana shughuli ya kazi, na wewe hujui kama shughuli hiyo ilikuwepo kweli, na kama ilikuwepo ilimchukua saa ngapi. Upande wa pili kuna ukimya wa Dar na kutomjua ndugu yake hata mmoja. Hivi vina uzito mkubwa kuliko mswaki. Mtu wa kusafiri kila mara hubeba mswaki wake, ni mazoea ya begi. Lakini mtu ambaye kwa wiki tatu haoni haja ya kukuuliza mtoto anaendeleaje, huenda wiki hizo maisha yake yamejaa kitu kingine. Kazi inaweza kuwa ndicho hicho. Mke pia anaweza kuwa ndicho hicho.

Nimeona niliseme wazi kwa sababu barua yako yote hiyo ndefu haijalitaja. Hukusema kama ana mke, na hukusema kama uliwahi kumuuliza. Inawezekana ulimuuliza na akakuambia hana, basi nisamehe. Lakini kama hujauliza, nadhani unajua kwa nini hujauliza. Mkisema hamdaiani, swali hilo linaonekana kama ni la kudai, kwa hiyo linakaa pembeni, msimu unapita, wa pili unakuja. Kabla ya swali la niseme au niondoke, hili ndilo la kwanza. Tena liulizwe kwa maneno yasiyo na mlango wa pembeni, "Una mke au mwanamke unayeishi naye Dar?" Ukiuliza "huko Dar mambo yakoje?" utajibiwa mambo ni mazuri, na utabaki ulipokuwa.

Kuna jambo jingine kuhusu ukimya wake ambalo huenda likakupunguzia kujilaumu. Wanasaikolojia, tangu kazi za Skinner, wamejua kwamba zawadi inayokuja bila ratiba humshika mtu kwa nguvu kuliko inayokuja kila siku. Angekuwa anakupigia kila jioni saa mbili, ungempenda, lakini usingeacha kushona kwa sababu ya mlio wa pikipiki. Hiyo hali ya kukaa umetega sikio, ya kukosea vipimo, sehemu yake ni mapenzi na sehemu yake ni kutokujua. Siwezi kukupimia ni kiasi gani cha hiki na kiasi gani cha kile, na wewe leo huwezi. Ndiyo sababu nakusihi usiichukue nguvu ya hisia kuwa kipimo cha jinsi mnavyofaana. Jiulize mambo ya kawaida kabisa. Umewahi kumwona akikosa hela? Akigombana na mtu? Mkiwa hamna la kufanya wala hamlali pamoja, mnaongea nini? Mtu wa msimu unamjua akiwa kwenye miezi yake mizuri, posho ipo, mzigo unatembea, kwake kuko mbali. Huyo mtu wa mwezi wa tatu na wa nne, mvua inanyesha na ada ya shule inadaiwa, bado hujakutana naye.

Na niulize hili taratibu. Unamtaka yeye, au unataka kuondokana na hali ya kutokuwa na jibu pale mjomba anapouliza? Kwetu huku Kusini, ambako ukoo wengi wetu tunauhesabu kwa mama, swali la mjomba si udaku, ni kazi yake. Linamgusa mwanamke, hasa aliyeachika, hasa mwenye mtoto. Ukiongeza na hilo unalolia nalo mwenyewe usiku, ndoa inaweza kuanza kuonekana kama dawa ya mambo matatu kwa mpigo, na yeyote aliye karibu akaonekana ndiye. Sisemi ndivyo ilivyo kwako. Nasema liangalie, kwa sababu jibu lake litabadilisha kile utakachokwenda kumwambia.

Tuje kwa mashoga zako. Wanakupenda, sina shaka, ila nina ugomvi na wote watatu.

Huyu wa sheria amesikia nusu. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kwamba wameishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi, katika hali iliyowafanya watambulike kwa watu kuwa ni mume na mke, mahakama itadhania kwamba wameoana, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Angalia kilicho ndani yake. Kuishi pamoja, na watu kuwatambua. Yeye kwake ni Dar, kwako anakuja na begi, na mjomba wako mwenyewe anamwita mgeni. Hata mfikishe misimu mitano kwa mtindo huu, sioni ni wapi mahakama ingeanzia. Kungoja tarehe hiyo ni kungoja basi mahali ambapo halipiti.

Wa wivu, huyo anamsahau mwalimu. Mwalimu naye ni mtu, huenda amekupenda kama wewe unavyompenda huyu, na utakuwa umemtendea yeye kile unachoogopa kutendewa. Kisha fikiria matokeo. Huyu wa korosho akikaa kimya, utasema hanipendi, kumbe anaheshimu maneno yake ya kutodaiana. Akikasirika, utasema ananipenda, kumbe wivu wanao hata wasiokuwa na nia. Jibu lolote litakalotoka hapo huwezi kulisoma.

Wa mtoto ndiye amenitia hofu. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 baba ana wajibu wa kumtunza mwanawe, na ustawi wa jamii wanaweza kukusaidia kumdai matunzo. Sheria inamfunga kwa mtoto. Kwa mama yake haimfungi, na matunzo anaweza kuyatuma kwa simu akiwa Dar bila kukanyaga Mtwara. Utabaki na watoto wawili, cherehani moja, na mwanaume anayejua kwamba alitegwa. Hata kama angekuwa na mpango wa kukuoa, hapo ndipo angeanza kukuogopa. Mwanangu, sindano usiiache kwa ajili ya hili.

Na sindano hiyo hiyo ina mpaka wake, ambao ni lile jambo ulilolipitia kwa mstari mmoja. Inazuia mimba, haizuii virusi vya ukimwi wala kaswende. Kwa uzoefu wangu, kinga kuachwa bila neno ndiyo mahali pa kwanza ambapo watu wawili wasiodaiana huanza kuelewa vitu viwili tofauti. Wewe pengine uliona, "sasa tumeaminiana, yuko na mimi tu." Yeye pengine aliona, "anachoma sindano, hakuna tatizo." Hamkusema, kwa hiyo hakuna aliyedanganya, na hakuna aliye salama. Hili halingoji uamuzi wako wa niseme au niondoke. Mwambie wiki hii mkapime. Mnaweza kwenda Hospitali ya Ligula, au kituo chochote cha afya cha serikali mkiona hapo mnajulikana sana, na kupima virusi hakulipiwi. Mwende pamoja ikiwezekana, kila mmoja asikie majibu ya mwenzake. Kipimo kinaweza kisione maambukizi ya wiki za karibuni, kwa hiyo mrudie baada ya miezi 3, na katikati hapo kinga irudi. Akikataa kupima, au akikuuliza "huniamini?", hilo nalo ni jibu la aina yake, na utakuwa umelipata kabla hujafungua moyo.

Ukiamua kusema, chagua wakati. Usiseme kitandani, maneno ya hapo yanatoka laini pande zote mbili na asubuhi hayana mwenyewe. Usiseme usiku wa mwisho, basi la Dar linaondoka alfajiri, maana atakachosema ni cha kuagana. Usimtumie ujumbe wa sauti akiwa bandarini katikati ya makuli na malori, halafu ukakaa unahesabu dakika tangu tiki ziwe za bluu. Mwite siku ambayo mzigo umetulia, mchana, mahali ambapo mnaweza kukaa saa nzima na kila mmoja ana njia yake ya kuondoka. Ufukweni Shangani panafaa, hata Mikindani mkitaka macho machache. Mtoto asiwepo.

Maneno ni yako, lakini kama yangenitoka mimi yangekuwa mafupi. "Tulipoanza tulisema hatudaiani, na mimi nilikubali kwa dhati. Sasa mwenzako nimebadilika. Nimekupenda, nataka tuwe na uhusiano unaojulikana. Sikudai, ila siwezi kuendelea kama mwanzo nikijifanya sijabadilika. Wewe uko wapi?" Kisha unyamaze. Hapo ndipo wanawake wengi tunapokosea, tunamwonea huruma mwanaume aliyekwama, tunamjibia wenyewe, "lakini najua una kazi nyingi, usijali, nilikuwa nasema tu." Ukishasema hivyo umelifuta. Mwache ahangaike na jibu lake, hata kama dakika zitakuwa ndefu.

Akisema na yeye ni hivyo hivyo, furahi, ila usiishie kwenye furaha. Muulize mwezi wa pili utakuwaje. Nani atasafiri, utakwenda Dar lini ukaone anapoishi, ni ndugu gani atakayekuwa wa kwanza kukufahamu. Si posa ya haraka ninayoisema, ni kitu kimoja chenye tarehe. Akisema hapana, itauma vibaya, nisikudanganye. Lakini hapana iliyosemwa kwa heshima ina mwisho wake, utalia, utashona, utapona.

Jibu linalonipa shida ni la tatu, na kwa mwanaume mpole kama ulivyomweleza ndilo lenye nafasi kubwa. Atakushika mkono aseme, "Na mimi nakujali sana, tusiharakishe, tuendelee tu tuone." Linasikika kama ndiyo. Linaweza kuwa ndiyo ya mtu mwoga, wapo waliochelewa kujijua. Linaweza kuwa hapana ya mtu asiyetaka kukuona ukilia. Huwezi kuzitofautisha kwa kumtazama machoni. Unaweza kuzitofautisha kwa kuuliza tuone nini, mpaka lini, kisha kuangalia kama kuna kilichosogea. Ikiwa mwezi wa tatu umefika na ukimya ni ule ule wa wiki tatu, basi ameshakujibu, ila kwa vitendo. Hatari ya jibu hili ni kwamba linakuachia matumaini ya kutosha kukushika mpaka Oktoba nyingine, na wewe una miaka 33, muda wako una thamani.

Kuondoka bila kusema nako sikupondi kama watu wanavyokuponda. Wapo wanaojijua kwamba wakisema na kukataliwa wataendelea kulala naye hata hivyo, kwa masharti mabaya zaidi kuliko mwanzo. Kama ni wewe huyo, kujitoa ni kujilinda. Au kama ukiuliza lile la mke na jibu likawa ndiyo, huenda usiwe na haja ya kusema lolote zaidi, isipokuwa awe anataka uwe wa pili, na hilo ni swali jingine ambalo wewe na wazee wako mtalipima. Ila kujitoa si kuacha kupokea simu ukitumaini atakuja mbio kuuliza kulikoni. Hilo ni kumjaribu tu, na asipokuja utaumia mara mbili. Kujitoa kwa kweli kuna neno moja la kuaga, hata fupi, "mimi huu mpango umenishinda, naomba tuishie hapa, nakutakia heri." Kisha namba inatoka mbele ya macho, stetasi zake huzifungui, na mwezi wa kumi akikuandikia "nimefika Mtwara" unajua tangu sasa utajibu nini. Ugumu wake ni huo ulioutaja, kwamba utajiuliza. Nadhani utajiuliza kwa muda, na mji huu kila kona ina gunia la korosho la kukukumbusha. Maisha yako yote sidhani.

Kwa njia yoyote utakayoshika, kuna mtu mwingine ndani ya jambo hili. Mwanao wa darasa la pili amekaa hospitali akiwa na homa, na aliyemshika mkono ni huyu kaka. Watoto wa umri huo hawaelewi msimu. Kabla mzigo wa mwisho haujapakiwa, mtafutie maneno ya kweli yanayomtosha, kwamba anko kazi yake hapa imeisha na anarudi kwao, na usimwahidi kwamba atarudi maana hilo hulijui. Kama huyu kaka ni muungwana kama ulivyoniandikia, mwombe amuage mtoto mwenyewe, mchana, ana kwa ana, asiondoke mtoto akiwa amelala.